"Sikujijua": Ulevi, Nia na Kosa la Kuua



Aliyekaa kwenye mahakama zetu za jinai kwa muda wa kutosha amekwisha kulisikia neno hili likitoka kizimbani, kwa lafudhi ya kila mkoa: "Mheshimiwa, nilikuwa nimelewa, sikujijua." Likitamkwa, watu waliokaa nyuma huguna. Wengi humwona msemaji kama mtu anayejificha nyuma ya kopo la pombe, wakadhani sheria haina sababu hata ya kumsikiliza. Ndugu zake waliokaa benchi la pembeni huamini kinyume kabisa, kwamba mlevi ni sawa na mwendawazimu, na mwendawazimu hafungwi. Jioni ya leo nataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa hilo halikai kwenye mabenchi ya nyuma tu. Nimelisikia kwa mawakili wenzangu, na tofauti yake ni kati ya kitanzi na kifungo cha miaka.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inauzungumzia ulevi katika kifungu cha 14. Kenya wanacho kilekile, karibu neno kwa neno, katika kifungu cha 13 cha kanuni yao, kwa kuwa sheria hizi mbili ni ndugu wa enzi ya ukoloni wa Mwingereza. Sentensi ya kwanza ni kali: isipokuwa kama kifungu hiki kinavyoeleza, ulevi hautakuwa utetezi dhidi ya shtaka lolote la jinai. Anayeguna nyuma ya mahakama angefurahi kama kifungu kingeishia hapo. Lakini hakikuishia hapo, na kila kilicho muhimu kimo katika yale yanayofuata.

Yanayofuata yanafungua milango mitatu, na lazima tuitofautishe, kwa sababu kila mmoja unatokea kwenye chumba chake. Wa kwanza ni wa mtu aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, kwa hila au kwa uzembe, kama mtu aliyetiliwa kitu kwenye kinywaji. Huyo, ikithibitika kwamba hakuelewa alichokuwa akifanya, huachiwa huru. Ni mlango ambao hauonekani sana mahakamani, na sitakaa nao. Wa pili ni wa mtu ambaye ulevi umemtia wazimu, wa muda au wa kudumu. Wa tatu hauitwi utetezi hata kidogo katika maandishi. Ni agizo kwa mahakama kwamba ulevi uzingatiwe pale inapoamua kama mshtakiwa alikuwa ameunda nia, "iwe mahsusi au vinginevyo", ambayo bila hiyo hangekuwa na hatia ya kosa aliloshtakiwa. Nitarudi kwenye maneno hayo machache, "au vinginevyo", kwa sababu naona ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote katika sheria yetu ya jinai.

Kwanza wazimu. Sheria yetu inaanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu mpaka kithibitike kinyume chake. Kifungu cha 13 kinamwondolea hatia mtu ambaye, kwa sababu ya ugonjwa unaoathiri akili yake, hakuweza kuelewa alichokuwa akifanya au hakuweza kutambua kwamba hapaswi kukifanya. Asili yake ni London, Januari 1843, siku Daniel M'Naghten alipompiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Alionekana hakuwa na akili timamu, akaondolewa hatia, watu wakakasirika, na Baraza la Malodi likawaita majaji waeleze sheria inasemaje. Majibu yao ndiyo mzizi wa kifungu tulichonacho.

Neno la kulishika hapo ni "ugonjwa". Mtu aliyekunywa gongo tangu asubuhi na sasa anayumba hana ugonjwa wa akili. Ana pombe mwilini, na kesho itakuwa imetoka. Jaji Stephen wa Uingereza aliliweka sawa mwaka 1881 katika shauri la Davis, alipotenganisha ulevi na maradhi yanayoletwa na ulevi. Mtu aliyekunywa kwa wingi kwa miaka mingi, kisha akaacha ghafla, anaweza siku mbili hadi nne baadaye kupatwa na hali ambayo madaktari wanaijua vizuri: anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo, anasikia sauti zinazomtisha, hajui yuko wapi wala ni siku gani. Saa hiyo huenda hana hata tone la pombe mwilini. Akimpiga mtu kwa panga akidhani anajikinga na nyoka, hayo si ulevi tena. Huo ni ugonjwa ulioathiri akili, na kifungu cha 14 kinatuelekeza tuufuate utaratibu wa wazimu.

Wakili anayetaka kuupita mlango huo ajue mambo mawili kabla hajausukuma. La kwanza ni kwamba mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mshtakiwa. Hatakiwi kuthibitisha pasipo shaka, lakini ni lazima aonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa alikuwa mwendawazimu kuliko kutokuwa, na kwa kawaida atahitaji daktari wa magonjwa ya akili. La pili ni kwamba akifanikiwa haendi nyumbani. Mahakama hutoa uamuzi maalumu kwamba alitenda kitendo lakini hana hatia kwa sababu ya wazimu, kisha huwekwa chini ya ulinzi, mara nyingi kwenye Taasisi ya Isanga kule Dodoma, bila tarehe ya kutoka iliyoandikwa kwenye hukumu. Familia nyingi huambiwa haya baada ya hukumu. Wanapaswa kuambiwa kabla.

Sasa tuingie mlango wa tatu, ambao ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa. Ili tuuelewe inabidi tujue kwamba makosa hayafanani katika jambo yanalolidai moyoni mwa mtendaji. Kiswahili kinatusaidia. Kosa kubwa kuliko yote tunaliita kuua kwa kukusudia. Kusudi limo ndani ya jina lake. Kifungu cha 200 kinaeleza kusudi hilo ovu: nia ya kusababisha kifo au madhara makubwa mwilini, au kujua kwamba kitendo hicho yamkini kitaleta kifo au madhara makubwa, pamoja na hali nyingine chache. Bila hilo, kumtoa mtu uhai kwa kitendo kisicho halali ni kuua bila kukusudia. Adhabu ya lile la kwanza Tanzania ni kunyongwa, na jaji hana hiari. Adhabu ya la pili inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji anapima, na anaweza kutoa miaka michache. Kwa hiyo swali la nia linatenganisha vyumba viwili vilivyo mbali sana.

Makosa mengine nayo yana nia ndani yake. Wizi unataka dhamira ya kumnyang'anya mwenye mali kwa njia ya udanganyifu. Kuvunja nyumba na kuingia usiku kunataka nia ya kutenda kosa humo ndani. Kuna kosa la kujeruhi kwa nia ya kuleta madhara makubwa, na kuna kujeruhi kusikokuwa na neno hilo. Waingereza waliziita nia za aina ya kwanza nia mahsusi, na zile za makosa ya kawaida, kama shambulio, wakaziita nia za msingi.

Mgawanyiko huo una historia. Mwaka 1920 Baraza la Malodi lilisikiliza shauri la Beard, mtu aliyembaka msichana wa miaka 13 akiwa amelewa, na msichana akafa kwa kukosa hewa wakati akimziba asipige kelele. Lodi Birkenhead alisema kwamba pale kosa linapodai nia mahsusi, ulevi unaomfanya mtu asiweze kuiunda nia hiyo lazima uzingatiwe. Kumbuka maneno "asiweze kuiunda". Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1976, malodi walirudi kwenye suala hili katika shauri la Majewski, kijana aliyekuwa amechanganya vidonge na pombe akaanzisha ugomvi baa, akawapiga watu na polisi waliokuja kumkamata. Alidai hakujua alichokuwa akifanya. Malodi wakasema hata ikiwa hivyo, kwa makosa ya nia ya msingi haimsaidii: aliyejilewesha kwa hiari amekwisha kuwa mzembe wa kutosha kutiwa hatiani.

Naielewa hisia iliyowasukuma malodi wale. Aliyepigwa ngumi na mlevi ameumia sawasawa na aliyepigwa na mtu mwenye akili zake. Lakini hoja yao ina ufa ambao sijaweza kuuziba kila nikiusoma. Uzembe wa kulewa, tuseme, ulifanyika saa nane mchana, kwenye meza ya baa. Ngumi ilirushwa saa mbili usiku. Wamechukua uzembe wa mchana wakaubandika kwenye ngumi ya usiku, wakauita nia. Mahakama Kuu ya Australia iliupima mtazamo huo mwaka 1980 katika shauri la O'Connor na kuukataa.

Na sisi? Hapa ndipo yale maneno yetu yanapohitaji kusomwa polepole. Kifungu cha 14 hakisemi ulevi uzingatiwe kwa nia mahsusi peke yake. Kinasema nia yoyote, "iwe mahsusi au vinginevyo". Aliyeyaandika alijua kwamba kuna mgawanyiko, akautaja kwa jina, kisha akaufuta. Kwa maandishi yetu, ikiwa kosa linadai nia ya aina yoyote, mahakama lazima ijiulize kama nia hiyo ilikuwepo, na ulevi ni sehemu ya ushahidi wa kujibu swali hilo. Nia ya msingi ya Waingereza na uamuzi wa Majewski havina mahali pa kukaa ndani ya kifungu hiki. Bado nimesoma maandiko ya hoja, na kusikia mihadhara vyuoni, inayoutaja uamuzi wa Majewski kama sheria yetu. Si sheria yetu. Bunge limesema jambo jingine.

Kuna jambo la pili ndani ya maneno hayo. Kifungu kinauliza kama mshtakiwa alikuwa "ameunda" nia. Hakiulizi kama aliweza kuiunda. Uamuzi wa Beard uliuliza uwezo, na sentensi yake ikasafiri kwa meli mpaka Nairobi na Dar es Salaam, ikaingia kwenye hukumu zetu: "hakulewa kiasi cha kushindwa kuunda nia." Tofauti yaweza kuonekana ndogo, lakini si ndogo. Mtu aliyelewa nusu bado ana uwezo wa kukusudia kuua. Hilo halithibitishi kwamba alikusudia. Mimi nina uwezo wa kutembea kwa miguu mpaka Morogoro. Haithibitishi kwamba nilitembea. Hata Waingereza wenyewe walilirekebisha hilo mwaka 1975, mahakama yao ya rufani iliposema swali ni kama nia ilikuwepo kweli, ikaongeza onyo ambalo nalo ni la haki: nia ya mlevi bado ni nia. Pombe ikimfungua mtu akatenda alilolitaka, asiseme pombe ndiyo iliyotaka.

Na nani athibitishe? Mwaka 1956 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilijibu katika rufani ya Cheminingwa kutoka Kenya, na jibu lake bado ni nuru. Mshtakiwa akisema alikuwa mwendawazimu kwa sababu ya ulevi, mzigo ni wake. Lakini akisema tu kwamba kwa ulevi ule hakuwa na nia, ni kosa kwa mahakama kumtwika mzigo wa kulithibitisha hilo. Nia ni sehemu ya kosa, na kila sehemu ya kosa huthibitishwa na upande wa mashtaka, pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Mshtakiwa hahitaji kuthibitisha ulevi wake. Inatosha ushahidi mzima, uwe umetoka kwake au kwa mashahidi wa Jamhuri, uache shaka kama alikusudia.

Tuchukue mfano. Ni wa kutunga, lakini kila kipande chake nimekiona mahali. Kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini, msimu wa mvua, ulanzi umejaa. Wanaume wawili, shemeji kwa shemeji, wanaanza kunywa kilabuni saa nne asubuhi. Saa tisa mmoja analeta chupa ya gongo. Saa moja jioni wanagombania deni la shilingi elfu tano. Saa mbili mmoja amekufa kwa jeraha la kichwa. Aliye hai anasema hakumbuki kitu tangu alasiri.

Katika hali ya kwanza, mashahidi wanasema alinyanyuka akiyumba, akaokota gogo la kuni lililokuwa karibu na jiko, akapiga mara moja, gogo likampata mwenzake upande wa kichwa, kisha yeye mwenyewe akaanguka. Walimkuta asubuhi amelala hatua chache kutoka kwenye maiti, suruali imelowa mkojo, na alipoamshwa aliuliza shemeji yake yuko wapi. Katika hali ya pili, kiasi cha pombe ni kilekile. Lakini baada ya ugomvi alitoka kilabuni, akatembea karibu kilomita moja mpaka kwake, akachukua panga, akarudi kwa njia ileile gizani, akamwita shemeji yake kwa jina, akamkata shingoni mara tatu, akalitupa panga chooni, na kulipopambazuka alikuwa stendi akitafuta basi la Mbeya.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Enock Kipela, iliorodhesha mambo ambayo jaji anayatazama ili kuisoma nia: silaha ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mtendaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Ni kipimo cha watu wote, wanywaji na wasiokunywa. Ulevi hauongezi kipimo kipya. Unabadilisha jinsi ya kukisoma. Katika hali ya kwanza gogo lilikuwa mkononi kwa bahati, pigo lilikuwa moja, na aliyelipiga hakufanya chochote baadaye ambacho mtu anayejua ameua angefanya. Weka siku nzima ya ulanzi na gongo juu ya hayo, na sioni jaji atakayesema bila shaka kwamba mtu huyu alikusudia kifo au madhara makubwa. Ni kuua bila kukusudia. Katika hali ya pili, kila hatua ya kilomita ile ni ushahidi. Aliikumbuka njia, akachagua silaha, akamtambua mtu wake, akalenga, akaficha, akakimbia. Pombe ilikuwepo, na nia ilikuwepo pia.

Na vipi kuhusu "sikumbuki"? Wote wawili wanasema hivyo, na inawezekana wote wanasema kweli. Hili linawasumbua watu wengi, hata wasomi. Pombe nyingi inayoingia haraka huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mtu aliye katika hali hiyo anaweza kuzungumza, kulipa, kutongoza, kufungua kufuli, na asubuhi asiwe na chochote cha yote hayo. Kilichokosekana ni kumbukumbu, si lazima akili iliyoongoza tendo. Kwa hiyo mshtakiwa wa pili anapoapa kwamba hakumbuki panga, haimwondolei kusudi la saa ile. Na kwa upande wa pili, mwendesha mashtaka asimwite mshtakiwa wa kwanza mwongo kwa sababu tu anakumbuka kuanza kunywa na hakumbuki kupiga. Kupoteza kumbukumbu hakusemi lolote kuhusu nia, kwa upande wowote.

Kuna mtu wa tatu wa kumtaja kwa haraka, yule anayekunywa ili ajipe moyo. Mwaka 1961 Baraza la Malodi lilikutana naye katika shauri la Gallagher kutoka Ireland ya Kaskazini: aliamua kumuua mkewe, akanunua kisu na chupa ya wiski, akanywa, akaua. Kusudi lilikuwa limekamilika kabla kizibo hakijafunguliwa. Hapo pombe ni chombo kama kisu kilivyo chombo.

Niseme pia mahali mlango huu unapofungwa. Kuua bila kukusudia hakudai nia ya kuua, kwa hiyo ulevi kwa kawaida haumtoi mtu hapo. Unamshusha kutoka chumba cha juu na kumwacha hapo. Vilevile mtu anayedai alikosea kuhusu ukweli, kwa mfano alidhani amevamiwa au alidhani mwanamke ameridhia, anakutana na kifungu cha 11, kinachotaka imani ile iwe ya kweli na pia yenye busara. Imani iliyozaliwa na pombe huenda ni ya kweli kwake, lakini haina busara ambayo sheria inaitaka.

Ugumu wa kweli uko kwenye makosa ambayo hayana chumba cha chini. Aliyelewa akaondoka na baiskeli ya mtu akidhani ni yake, hana nia ya wizi, na akikosa nia ya wizi anatoka huru kabisa. Mwenye baiskeli aliyeamka bila usafiri ana haki ya kuuliza sheria imemfanyia nini. Wajerumani wana jibu linalonivutia. Katika kifungu cha 323a cha kanuni yao ya adhabu, mtu anayejilewesha kwa makusudi au kwa uzembe mpaka asiweze kuwajibika, kisha akatenda jambo ambalo lingekuwa jinai, anaadhibiwa kwa kulewa huko, hadi miaka mitano. Hawasemi aliiba wala hawambandiki nia ambayo hakuwa nayo. Wanamwambia: kosa lako ni hili ulilolitenda mezani, saa nane mchana. Kama Bunge letu siku moja litaona mlango wa tatu umekuwa mpana mno, ningependa lifuate njia hiyo kuliko njia ya Majewski, kwa sababu inaliita kosa kwa jina lake.

Lakini kabla ya kufika bungeni kuna kazi ndogo zaidi, inayofanyika kwenye vyumba vyetu kila wiki. Katika mauaji ya kilabuni mara nyingi hakuna kipimo cha damu wala cha pumzi. Hakuna anayekuja na mashine saa mbili usiku huko kijijini, na shauri linasikilizwa miaka baadaye. Kilichobaki ni watu waliokuwepo, na hasa mama aliyeuza pombe. Yeye anajua ilikuwa lita ngapi na saa ngapi, kama mteja alihesabu chenji yake, kama alimtambua aliyepita, kama alianguka alipokwenda kujisaidia. Wakili wa utetezi akimwacha shahidi huyo ashuke kizimbani bila kumuuliza maswali hayo, akingoja mteja wake aje kusema "nilikuwa nimelewa", amechelewa. Na jaji, hata kama mshtakiwa anadai kwamba hakuwepo kabisa, lazima aupime ulevi ule ikiwa mashahidi wa Jamhuri wenyewe wameusema.

Na uandikwe kama ulivyosemwa. Kwa miongo mingi shahidi wa Mahakama Kuu alisema kwa Kiswahili na jaji akaandika kwa Kiingereza. Mtu anayesema "alikuwa amechangamka" hasemi jambo moja na anayesema "amelewa", wala na anayesema "amelewa chakari", wala na yule anayesema "alikuwa bwii, hata jina lake hakulijua". Yote manne yalikuwa yakiingia kwenye kumbukumbu kama neno moja la Kiingereza, na majaji wa rufani wakasoma neno hilo moja wakijaribu kuamua kama mtu alikusudia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ninawaomba mahakimu na majaji mlioko hapa, shahidi anapotamka mojawapo ya maneno hayo, mwacheni alieleze, na muliandike lilivyo, kwa sababu katika shauri la kuua, hatua kati ya kuchangamka na kuwa bwii ndiyo huenda ikaamua kama mtu aliyeko kizimbani anyongwe.